Betri ya 200Ah yenye kilo 34: kisa cha barua moja ya malalamiko Kariakoo

Februari 2024 mgao wa umeme ulikuwa bado unatuchapa Dar, na mafundi sola tulikuwa hatulali. Mteja wangu mmoja, dada mwenye duka la dawa huko Kigamboni, alinipigia simu asubuhi moja kwa sauti ya mtu aliyekesha. "Fundi, yale mabetri yako yamezima tena saa nane usiku. Jokofu la dawa lina insulini mle ndani."

Yalikuwa si mabetri yangu. Inveta na paneli niliweka mimi, lakini betri alikwenda kununua mwenyewe Kariakoo, akapata bei nzuri: 480,000 moja, wakati duka la pembeni yake waligoma kushuka chini ya 690,000 kwa ukubwa uleule. Akachukua mbili, za jeli, volti 12 kila moja, ubavuni zimeandikwa 200Ah, yaani hifadhi ya ampea-saa 200, kwa maandishi makubwa ya rangi ya machungwa. Nilizifunga kwa mfululizo kupata volti 24. Hata mimi nilipozibeba kutoka kwenye kirikuu hadi ndani niliona wepesi fulani, nikajisemea labda nimekula vizuri siku hiyo. Hilo ni kosa langu na nitalizungumzia baadaye.

Hesabu tuliyokuwa tumepiga ilikuwa hivi. Majokofu mawili, taa, feni na kamera vilikuwa vinakula wastani wa wati 270, na ukijumlisha kile inveta inachojilia yenyewe, betri zinatoa kama wati 310. Betri mbili za 200Ah zina hifadhi ya wati-saa 4,800 kwenye karatasi. Betri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, huitumii yote kila siku kama unaipenda, unaishia nusu. Nusu yake ni wati-saa 2,400, yaani karibu saa 8 za mzigo ule. Mgao wa usiku ulikuwa haufiki muda huo, kwa hiyo tukaridhika.

Sasa angalia alichokipata. Umeme ukikatika saa moja jioni, inveta inazima saa nane usiku. Hiyo ni saa 7. Ukimwambia mtu "niliahidiwa saa 8 nimepata 7", atakuona mlalamishi. Na ndivyo muuzaji alivyomjibu dada kwenye simu: saa moja tu ndiyo unanisumbulia? Lakini zile saa 8 zilikuwa za kutumia nusu ya betri, na hizi 7 zilikuwa za kuikausha kabisa mpaka inveta ikakata kwa volti 21.6. Betri yenye 200Ah kweli, kwa mzigo ule, ilipaswa kwenda zaidi ya saa 14 ndipo ifike hapo. Hapa pengo si la saa moja, ni la nusu ya betri.

Kabla hajaniita, dada alishatuma malalamiko yake ya kwanza kwa Watsapu. Nayanukuu kwa ruhusa yake: "Betri zenu mbovu, hazikai na chaji, naomba hela yangu." Jibu lilikuja baada ya dakika tano, na lilikuwa limeandaliwa, maana wanajibiwa hivyo wote: inveta yenu haichaji vizuri, au paneli ni chache, au mzigo mmezidisha, betri mpya lazima izungushwe kwanza kwa kuijaza na kuitumia mara kadhaa, leteni tupime. Dada akazipakia, akavuka nazo daraja, akalipa 35,000 ya gari. Kijana wa dukani akachomeka mita kwenye vichwa vya betri, ikasoma 12.9. "Umeona dada? Betri imejaa, nzima kabisa." Akarudi nazo.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Volti haisemi betri ina ukubwa gani. Chukua simtanki la lita 2,000 na bomba la inchi nne, vyote vimesimama urefu sawa na vimejaa maji. Ukipima kina cha maji, vitalingana. Fungua koki ndipo utajua kipi ni kipi. Betri ya pikipiki iliyojaa nayo inasoma 12.9. Vile vipima betri vidogo vinavyotoa namba na neno "nzima" baada ya sekunde tatu navyo havipimi hifadhi; vinapima jinsi betri inavyopitisha mkondo kwa ghafla, jambo linalomhusu mtu wa kuwasha gari.

Nikamwambia dada: usiwajibu tena. Tutapima, halafu tutaandika barua moja tu.

Swali la kwanza lilikuwa tupime kwa masharti gani, kwa sababu namba 200Ah peke yake haijakamilika. Betri ya risasi ukiinyonya polepole inatoa zaidi, ukiinyonya kwa kasi inatoa pungufu. Kwa hiyo kila mtengenezaji makini anataja muda: C10 maana yake imepimwa kwa kutolewa yote ndani ya saa 10, C20 ndani ya saa 20, C100 ndani ya saa 100. Betri ileile inaweza kuwa 200 kwa C10 na ikasogea kwenye 240 kwa C100. Ukipima kwa mzigo mkubwa, ukapata pungufu, muuzaji atakwambia "hiyo ilikuwa ya C100" na barua yako imekwisha. Ubavuni mwa betri zetu hapakuwa na C yoyote. Lakini ndani ya katoni kulikuwa na karatasi ya sifa, na dada kwa bahati hakuitupa. Imeandikwa: 200Ah, C10, hadi volti 10.8, nyuzi joto 25. Uzito: kilo 58.

Ile karatasi ndiyo iliyotubeba. Masharti hayakuwa yangu tena, yalikuwa yao.

Jaribio la kwanza nililiharibu, na nalieleza kwa sababu wengi hulifanya. Nilitumia inveta yenyewe kama mzigo, nikaweka mita ya kubana kwenye waya na kuhesabu saa. Nikaja kugundua kwamba inveta inakata kulingana na volti inayoiona yenyewe, baada ya waya kula sehemu yake. Pia mzigo wa majokofu unapanda na kushuka, na betri mbili zilizofungwa pamoja hazikwambii ipi ndiyo dhaifu. Muuzaji mwenye akili angeipasua hesabu ile dakika moja.

La pili tulilifanya betri moja moja. Tulichaji kila moja kwa chaja ya ukutani, ampea 20, mpaka volti 14.4, tukaishikilia hapo mpaka mkondo uliokuwa unaingia ukashuka chini ya ampea 2. Hiyo ndiyo alama ya kujaa; saa ya chaja au taa ya kijani si alama. Tukaiacha ipumzike usiku kucha. Asubuhi nikafunga taa tano za gari za volti 12, wati 55 kila moja, juu ya vigae maana zinachoma, na fyuzi kwenye waya. Kati ya betri na taa nikaweka mita ya shunti, ile inayohesabu ampea-saa zinazopita. Taa zilivuta ampea 21 mwanzoni na zikaishia 19 na kidogo, kwa hiyo wastani ulikuwa 20. Hiyo ndiyo C10 ya betri ya 200Ah: ampea 20 kwa saa 10.

Tulianza saa mbili asubuhi. Kama karatasi ni ya kweli, tungekaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Saa saba kasorobo mchana, kabla hata ubwabwa haujaiva, betri ya kwanza ilifika 10.8 na nikazima. Mita ilisoma 97Ah. Ya pili, kesho yake, 93Ah.

Nikaandika, halafu nikaanza kujipinga mwenyewe kama vile mimi ndiye muuzaji.

Atasema haikujaa. Hili lina jibu zuri kuliko yote na watu hawalitumii. Baada ya kuikausha, niliichaji tena kupitia mita ileile, nikahesabu kinachoingia. Betri ya kwanza ilimeza 108Ah kisha ikakataa. Mkondo ukashuka chini ya ampea 2. Betri ya risasi huhitaji kurudishiwa zaidi kidogo ya ilichotoa, kwa hiyo kutoa 97 na kumeza 108 kunaendana. Betri ya 200Ah iliyokauka ingemeza zaidi ya 200 ndipo ishibe. Tumbo lenyewe lilikuwa dogo, na chaja haina la kujibu hapo.

Atasema betri mpya lazima izungushwe. Hili lina ukweli ndani yake: betri ya jeli huongezeka kidogo katika mizunguko ya mwanzo, asilimia chache. Basi tukaizungusha kila moja mara tatu, kazi iliyonilia wiki nzima na kumlia dada umeme wa luku. Mwisho wake zilitoa 99Ah na 95Ah. Nikaamua barua itumie namba hizi, zilizo nzuri zaidi kwa muuzaji, si zile za kwanza.

Atasema joto. Betri ilikuwa nyuzi 31, Dar ya Februari mnaijua. Lakini joto humpendelea yeye, maana betri yenye joto hutoa zaidi siku hiyo, japo linaifupishia maisha. Kwa nyuzi 25 za kwenye karatasi tungepata chini ya hapo.

Atasema ni C100. Kwanza karatasi yake inasema C10. Pili, hata tungekubali, kutoka C10 kwenda C100 betri ya aina hii haiongezi zaidi ya robo hivi. Robo juu ya 99 haifiki hata 130.

Kilichobaki kilikuwa kujua kwa nini. Betri ya 200Ah inaweza kutoa 97 kwa sababu mbili tofauti kabisa: imekaa stoo bila kuchajiwa mpaka sahani zake zikaota chumvi ngumu ya risasi, au haijawahi kuwa 200. Ile ya stoo utaijua kwa dalili zake: ukiichaji volti inaruka juu upesi, ukiiwekea mzigo inadondoka papo hapo, na kila mzunguko inatofautiana. Zetu hazikuwa hivyo. Zilishuka taratibu, kwa nidhamu, kama betri nzima. Nzima, ila ndogo.

Ndipo nikakumbuka ule wepesi. Tukazipeleka duka la nafaka jirani, lenye mzani wa sahani uliobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Kabla ya kupima tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 usiofunguliwa, mzani ukasoma 50. Betri ya kwanza: kilo 34. Ya pili: 34. Karatasi: 58.

Uzito kwenye betri ya risasi si jambo la pembeni, kwa sababu hifadhi ipo kwenye risasi yenyewe. Huwezi kuongeza ampea-saa bila kuongeza kilo. Betri za jeli za sola hubeba kama wati-saa 35 hadi 42 kwa kila kilo. Chukua volti 12 mara 200, upate 2,400, gawa kwa 34: inatoka 70. Betri ya risasi ya namna hiyo haipo. Sasa gawa 1,200, yaani betri ya 100Ah, kwa 34: inatoka 35. Mzani wa mchele ulisema jambo lilelile ambalo taa tano zilitumia siku nzima kulisema, na kwa dakika moja. Ndani ya boksi la 200 kulikuwa na betri ya 100. Sikuifungua kuthibitisha, na usiifungue yako. Ukishapasua kifuniko umempa muuzaji sababu ya kukufukuza.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika lilikuwa la kisheria, na nalisema kama fundi aliyeulizia, si wakili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo. Isipolingana mnunuzi anaweza kuikataa, lakini si baada ya kukaa nayo muda mrefu akiitumia kana kwamba ameikubali. Kwa hiyo tulizitoa kwenye mfumo siku ileile ya jaribio la mwisho, tukazifunika pembeni, na insulini ikahamia jokofu la duka la rafiki yake. Sheria hiyohiyo haimlazimishi aliyekataa mzigo kuubeba kuurudisha; inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameukataa. Dada alikuwa ameshalipa gari mara mbili, hili lilimfurahisha kuliko yote. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani.

Rasimu ya kwanza aliandika dada, kurasa tatu, imejaa wizi, dhuluma na Mungu anawaona. Sikumlaumu. Ila nilimwomba atoe neno "mbovu", kwa sababu betri hazikuwa mbovu, na muuzaji angethibitisha kwamba si mbovu. Nikamwomba atoe na neno "utapeli", kwa kuwa hatukujua kama yeye ndiye aliyetapeli au naye alitapeliwa na aliyemletea kontena. Kilichobaki ni hiki:

"Dar es Salaam, 4 Machi 2024.

Meneja wa Duka.

Yah: Kukataa betri mbili za sola zisizolingana na ujazo uliotajwa.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 12 Februari 2024 nilinunua dukani kwako betri mbili za jeli za volti 12, zilizoandikwa 200Ah, kwa shilingi 480,000 kila moja, jumla shilingi 960,000. Nakala ya risiti ya EFD na picha za namba za utambulisho wa kila betri zimeambatishwa.

Karatasi ya sifa iliyokuwa ndani ya katoni inasema kila betri ina 200Ah kwa C10, hadi volti 10.8, kwa nyuzi joto 25, na uzito wa kilo 58.

Betri zilipimwa kwa masharti hayo: kujazwa hadi volti 14.4 mpaka mkondo uliposhuka chini ya ampea 2, kupumzishwa usiku mmoja, kisha kutolewa kwa wastani wa ampea 20 hadi volti 10.8. Baada ya mizunguko mitatu, betri ya kwanza ilitoa 99Ah na ya pili 95Ah, zikiwa na nyuzi joto 31. Zilipochajiwa tena zilipokea 110Ah na 106Ah, kisha zikajaa. Kila betri ina uzito wa kilo 34 kwa mzani uliohakikiwa.

Hivyo kila betri ina chini ya nusu ya ujazo ulioniuzia, na kilo 24 pungufu ya uzito uliotajwa. Silalamiki kwamba betri zimeharibika. Nasema si betri nilizonunua.

Kwa barua hii nazikataa betri zote mbili. Nimeacha kuzitumia tangu tarehe 2 Machi na nimezihifadhi kwa ajili yako zikiwa zimejaa chaji. Naomba unirudishie shilingi 960,000, pamoja na shilingi 70,000 za usafiri, ndani ya siku 14, na upange kuzichukua. Nitakubali pia betri mbili nyingine iwapo kila moja itakuwa na uzito usiopungua kilo 55 na itapimwa mbele yetu sote.

Kama una shaka na vipimo hivi, nakukaribisha kurudia jaribio hilohilo, kwa masharti hayohayo, kwa fundi utakayemchagua wewe, nami nikiwepo. Muda huo ukipita bila jibu, nitawasilisha nakala ya barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani.

Wako, mnunuzi."

Ukurasa mmoja na robo. Tulichapa nakala mbili, dada akazipeleka mwenyewe, na akahakikisha moja imegongwa muhuri wa duka na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Kijana wa kaunta alitaka kukataa kugonga muhuri. Dada akavuta kiti akakaa, wateja wengine wakaanza kuuliza kuna nini, muhuri ukapatikana.

Sentensi iliyofanya kazi, kwa maoni yangu, ni ile ya kumkaribisha arudie jaribio. Muuzaji anayejua bidhaa yake angeikubali siku hiyohiyo. Huyu alipiga simu siku ya nne, safari hii mwenyewe bosi, na hakutaja taa wala mizunguko. Alisema, "Fundi, hizo namba za kwenye karatasi ni za kiwandani, huku kwetu joto." Nikamweleza joto linamsaidia yeye. Akasema ni C100. Nikamsomea mstari wa kwenye karatasi yake. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mmezipima kilo kweli?"

Tukaonana Kariakoo Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimeazima mzani wa kuning'inia kwa muuza samaki wa Feri, umenuka mpaka wateja wakapisha. Bosi, mzee wa makamo mwenye heshima zake, alituagizia chai, akamwita kijana atoe katoni mpya stoo. Kilo 34. Akaagiza nyingine. Kilo 34 na nusu. Ya tatu hakuagiza. "Mimi naletewa tu kontena, mama," alimwambia dada, na nadhani nilimwamini nusu. Mtu anayeuza betri kila siku mikono yake inajua kilo.

Alitaka kutupa betri nyingine, chapa tofauti, zenye kilo 57, ila tuongeze 200,000 kwa kila moja. Hiyo ilikuwa inarudi palepale kwenye bei ya duka la pembeni, na ilikuwa halali yake kuuza kwa bei hiyo. Dada ndiye aliyechoka na duka lile. Akaomba hela. Alilipwa 600,000 palepale kwa simu na 360,000 baada ya wiki mbili, siku chache nje ya muda wa barua. Zile 70,000 za usafiri bosi aligoma kabisa, akasema hiyo ni kati yako na wenye kirikuu, na dada akaona si za kugombania. Kijana wa duka alikuja Kigamboni kuzichukua betri kwa bajaji. Kilo 68 zote mbili. Zingekuwa zile za kwenye karatasi, yaani kilo 116, bajaji ingelalamika.

Betri alizonunua baadaye, 690,000 kila moja, nilizipima mzani mlangoni kabla hazijashuka garini: 59 na 58. Kisha nikazipima kwa taa tano, kwa udadisi wangu na bila malipo. Zilitoa 191Ah na 194Ah mzunguko wa kwanza. Taa zilizimwa karibu saa kumi na mbili jioni, na safari hii ubwabwa tuliula ukiwa umeiva.

Mwezi uliofuata nilipita lile duka kununua soketi za paneli. Katoni zenye maandishi ya rangi ya machungwa zilikuwa bado zimepangwa mpaka darini, bei imeshuka hadi 430,000. Kijana wa kaunta aliponiona akacheka, akauliza: "Fundi, na leo umekuja na mzani?"